Tao la parabola, kosa lake, na jua la Lubumbashi

Lubumbashi iko kwenye latitudo ya digrii 11.66 kusini, juu ya uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200. Katika miezi ya kiangazi anga lake hukaa wazi siku nyingi mfululizo, na jua hupanda na kushuka bila wingu la kulikata. Paa nyingi za mji sasa zina paneli za sola, na kila anayetaka kuchagua betri hukutana na swali moja: jua limemwaga nishati kiasi gani tangu asubuhi hadi jioni, ikiwa kilichopo mkononi ni vipimo vichache tu vilivyochukuliwa kwa saa kadhaa?

Swali hilo ni la kutafuta eneo chini ya mchirizo, yaani intigrali, kwa kutumia nukta chache. Wanafunzi wa uhandisi hufundishwa kanuni mbili. Ya kwanza huunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka, na eneo linakuwa jumla ya trapeza. Ya pili hushika nukta tatu tatu na kupitisha tao la parabola juu yake. Hii ya pili ndiyo inayoitwa kanuni ya Simpson, kwa jina la Mwingereza Thomas Simpson, aliyeiandika mwaka 1743, ingawa Johannes Kepler alikuwa ameshaitumia kupima ujazo wa mapipa ya mvinyo katika kitabu chake cha mwaka 1615. Darasani husemwa kwamba ya pili ni sahihi zaidi, na fomula ya kosa lake huandikwa ubaoni mwishoni mwa kipindi. Kwa maoni yangu fomula hiyo ingetangulia yote, maana ndani yake mna ahadi kubwa, na pia mna sharti ambalo likivunjwa ahadi yote huanguka.

Tuanze na siku ambayo jibu lake kamili linajulikana, ili kila kosa tulione kwa macho. Chukua siku ya ikwinoksi ya mwezi Machi, na tuhesabu mionzi inayofika juu ya angahewa, sambamba na ardhi ya Lubumbashi. Huko juu hakuna vumbi wala wingu, kwa hiyo hesabu ni safi. Jua hutoa wati 1,361 kwa kila mita ya mraba inayolikabili moja kwa moja. Ukizidisha kwa kosaini ya digrii 11.66 unapata wati 1,333, na hicho ndicho kilele cha adhuhuri. Saa nyingine zote nguvu hiyo huzidishwa kwa sin(πt/12), ambapo t ni saa zilizopita tangu jua lichomoze. Siku ina saa 12, kwa hiyo t inakwenda kutoka 0 hadi 12.

Eneo chini ya sin(πt/12) ni 24/π, yaani 7.639437. Maana yake ni kwamba mchana mzima una thamani ya saa 7.64 za jua la adhuhuri. Zidisha kwa wati 1,333 upate takriban wati-saa 10,183 kwa kila mita ya mraba. Kinachofika paneli ni kidogo kuliko hapo, lakini umbo la mchirizo wa siku safi linafanana na hili, na ni umbo hilo tunalolihitaji.

Sasa tujifanye hatulijui jibu. Tunapima kila baada ya saa tatu: wakati wa kuchomoza, saa ya tatu, ya sita, ya tisa, na wakati wa kuzama. Vipimo ni 0, 0.7071, 1, 0.7071 na 0. Kanuni ya trapeza hutupa 3 × (0.7071 + 1 + 0.7071), ambayo ni 7.2426. Imepungua kwa 0.397, karibu wati-saa 529. Sababu inaonekana ukichora: mchirizo wa jua umebenuka kwenda juu, na kila mstari ulionyooka unapita chini yake na kuacha kipande nje.

Kanuni ya parabola hutumia vipimo vilevile vitano, ila huvipa uzito 1, 4, 2, 4, 1 na kuzidisha kwa theluthi ya hatua:

S = (h/3)(f0 + 4f1 + 2f2 + 4f3 + f4)

Hapa h ni 3, na matokeo ni 7.6569. Imezidi kwa 0.0174, karibu wati-saa 23. Hatujaongeza kipimo hata kimoja, tumebadilisha uzito tu, na kosa limepungua zaidi ya mara 20.

Hatuwezi kuridhika na ushindi wa mara moja, kwa sababu nambari moja huweza kutoka kwa bahati. Kinachoeleza tabia ya kanuni ni jinsi kosa linavyopungua hatua inapofupishwa. Tukipima kila baada ya saa mbili, trapeza hukosea kwa 0.1753 na parabola kwa 0.0033. Tukipima kila saa moja, trapeza hukosea kwa 0.0437 na parabola kwa 0.0002. Gawanya kosa la saa mbili kwa kosa la saa moja. Kwa trapeza unapata 4.01. Kwa parabola unapata 16.4. Hatua ikipunguzwa nusu, kosa la trapeza linakwenda na mraba wa h, nalo la parabola linakwenda na kipeo cha nne cha h. Hivyo ndivyo vipeo viwili vinavyosemwa kuwa faida ya parabola. Ukitaka kosa lisizidi sehemu moja ya elfu ya jibu, trapeza itahitaji vipande 29 vya siku, na parabola vipande 6.

Hapa ndipo swali la msingi linapoanza. Mstari ulionyooka ni polinomia ya daraja la kwanza, na parabola ni ya daraja la pili. Tumepanda daraja moja tu. Kwa nini basi tumepata vipeo viwili? Mtu angetegemea kosa la parabola liende na h kwa kipeo cha tatu. Hicho kipeo cha ziada kimetoka wapi?

Kimetoka kwenye ulinganifu. Weka nukta ya kati ya tao kwenye sifuri, na nukta mbili za kando kwenye −h na h. Mchirizo wowote laini unaweza kuandikwa karibu na sifuri kama jumla ya vipande: kisichobadilika, kipande cha x, cha x², cha x³, cha x⁴, na kuendelea. Parabola inashika vitatu vya kwanza kikamilifu, maana yenyewe imeundwa navyo. Tungetarajia ianze kukosea kwenye x³. Lakini x³ ni kitendaji cha witiri: upande wa kushoto ni hasi kwa kiasi kilekile ambacho upande wa kulia ni chanya. Eneo lake kamili kutoka −h hadi h ni sifuri. Na kanuni yetu inasemaje? Inachukua thamani ya kushoto, −h³, na ya kulia, h³, na kuzipa uzito ule ule, kisha thamani ya kati ambayo ni sifuri. Jumla ni sifuri. Parabola haipiti juu ya mchirizo wa x³, wala haifanani nao, ila makosa yake ya kushoto na ya kulia yanafutana kabisa. Kwa hiyo kanuni iliyojengwa kwa daraja la pili inatoa jibu kamili hata kwa daraja la tatu.

Tukifika x⁴ ufutaji huo hauwezekani tena, kwa sababu pande zote mbili ni chanya. Eneo la kweli ni 2h⁵/5. Kanuni inatoa (h/3)(h⁴ + 0 + h⁴), ambayo ni 2h⁵/3. Tofauti ni 4h⁵/15. Katika mchirizo halisi kipande cha x⁴ huja na mgawo wake, ambao ni derivati ya nne ikigawanywa kwa 24. Zidisha, na kosa la tao moja linakuwa h⁵/90 mara derivati ya nne. Hakuna namba ngeni hapo: 90 ni 15 mara 24 ikigawanywa kwa 4.

Hilo ni kosa la tao moja. Siku nzima ina matao mengi, na kila tao linachukua upana wa 2h, kwa hiyo idadi yake ni (b − a)/2h. Makosa yanajumlishwa, h moja inatumika kuhesabu matao, na tunabaki na fomula ya jumla, ambayo hapa naiandika kama kanuni kutoa jibu la kweli:

S − I = ((b − a)/180) · h⁴ · f''''(ξ)

Herufi ξ ni mahali fulani kati ya a na b ambapo derivati ya nne inachukua thamani inayoifanya fomula iwe sawa kabisa. Kwa trapeza, hoja ileile hutoa (b − a)/12 mara h² mara derivati ya pili. Trapeza haina bahati kama ya parabola. Ikishamaliza mistari iliyonyooka hukutana mara moja na x², ambayo ni chanya pande zote na haifutiki.

Kuna njia ya pili ya kuliona jambo hili, nami naiona nzuri zaidi kwa mtu anayefanya kazi na vipimo, maana haihitaji kuchora parabola hata moja. Kosa la trapeza kwa mchirizo laini lina mpangilio: lina kipande cha h², kisha cha h⁴, kisha cha h⁶, bila vipeo vya witiri. Hii ni kazi ya Leonhard Euler na Colin Maclaurin ya karne ya 18. Ukijua hivyo, chukua trapeza mbili, moja yenye hatua h na nyingine yenye hatua maradufu. Kosa kuu la pili ni mara nne ya la kwanza. Basi zidisha ya kwanza kwa nne, toa ya pili, gawanya kwa tatu, na kipande cha h² kimeondoka. Katika mfano wetu trapeza ya saa tatu ni 7.2426 na ya saa sita ni 6. Mara nne ya 7.2426 ni 28.9706. Toa 6, gawanya kwa 3, unapata 7.6569, ile ile tuliyoipata kwa matao. Kanuni ya parabola ni trapeza mbili zilizopangwa ili kosa lao kubwa lifutane, na kwa kuwa h³ haikuwemo tangu mwanzo, kinachobaki ni h⁴.

Sasa tuiangalie derivati ya nne yenyewe, maana wengi huiona kama alama isiyo na sura. Derivati ya kwanza ni mteremko, ya pili ni jinsi mchirizo unavyopinda. Ya nne haionekani kwa jicho kwenye mchoro. Njia nzuri ya kuielewa ni kuangalia vizio vyake. Ikiwa f ni wati na t ni saa, derivati ya nne ni wati zikigawanywa kwa saa kwa kipeo cha nne. Ikizidishwa kwa h⁴ saa zinafutana. Kwa maneno mengine, fomula inalinganisha hatua yako na urefu wa muda ambao mchirizo wenyewe unahitaji ili ubadilike. Muda huo kwa jua letu ni 12/π, karibu saa 3.8. Uite L. Derivati ya nne ya sin(πt/12) ni ileile sin ikigawanywa kwa L⁴, na kosa lote linategemea h/L kwa kipeo cha nne. Hatua ya saa moja ni karibu robo ya L, na robo kwa kipeo cha nne ni ndogo sana. Hapo ndipo nguvu ya kanuni ilipo.

Tunaweza kuijaribu fomula kwa nambari. Thamani kubwa ya derivati ya nne ni ya adhuhuri, (π/12)⁴, ambayo ni 0.0046976. Kwa hatua ya saa moja kikomo cha kosa ni 12/180 mara hiyo, yaani 0.000313. Kosa halisi tuliloliona lilikuwa 0.000201. Fomula haikudanganya, ila ilikadiria juu, kwa sababu ilichukua adhuhuri kana kwamba siku nzima ni adhuhuri. Ukitumia wastani wa derivati ya nne badala ya kilele chake, yaani tofauti ya derivati ya tatu kati ya mwisho na mwanzo wa siku ikigawanywa kwa saa 12, unapata 0.000199. Hiyo inakaribia kosa halisi kiasi cha kutosha kulitabiri kabla ya kupima. Wanaofundisha kikomo cha juu peke yake huwanyima wanafunzi chombo hiki, ambacho kwa kazi nyingi ndicho chenye faida.

Hata alama ya kosa inatabirika. Jua limebenuka kwenda juu, derivati ya pili ni hasi, na trapeza inapunguza. Derivati ya nne ya jua ni chanya, na parabola inazidisha kidogo. Katika nambari zetu zote imekuwa hivyo.

Upo upande mwingine wa mji ambako derivati ya nne ni sifuri kabisa, nao ni kwenye malundo. Lubumbashi imeishi na mlima wake mweusi wa mabaki ya shaba tangu tanuri la Union Minière lilipoanza kuyeyusha mwaka 1911, na katika nyua za migodi ya Haut-Katanga malundo ya mawe ya madini hupimwa ujazo mara kwa mara. Lundo lililomwagwa na kusawazishwa juu hukaribia umbo la pia iliyokatwa kichwa. Tuseme kipenyo cha chini ni mita 40, cha juu mita 10, na kimo ni mita 12. Eneo la kila ngazi ni π mara mraba wa nusu kipenyo, na nusu kipenyo kinapungua kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo eneo ni polinomia ya daraja la pili ya kimo. Derivati yake ya nne ni sifuri. Kwa ngazi tatu tu, ya chini, ya kati na ya juu, kanuni ya parabola lazima itoe jibu kamili.

Hesabu: nusu kipenyo ni 20, 12.5 na 5. Miraba yake ni 400, 156.25 na 25. Kimo ukigawanya kwa 6 unapata 2. Mbili mara (400 + 625 + 25) ni 2,100, na ukizidisha kwa π unapata mita za ujazo 6,597. Fomula ya pia iliyokatwa inatoa hiyo hiyo. Trapeza kwa ngazi hizo hizo tatu inatoa mita za ujazo 6,951, zaidi kwa zaidi ya 350. Mpima ardhi aliyezoea fomula ya ngazi tatu, chini, mara nne ya kati, na juu, anaitumia kanuni ya Simpson hata kama jina hilo halitaji. Lundo halisi lina mabonde na pembe, kwa hiyo hatapata ukamilifu huo, lakini kosa atakalolipata litatokana na umbo la lundo, halitatokana na kanuni.

Turudi kwenye jua, kwa sababu ndilo linaloonyesha jinsi kanuni hii inavyovunjika. Fomula ya kosa inaanza na sharti: derivati ya nne lazima iwepo na isiwe kubwa kupita kiasi kila mahali kati ya a na b. Mfano wetu ulikuwa na upendeleo mmoja ambao vipimo vya kweli havina. Tulianza kupima jua lilipochomoza. Chombo kinachorekodi vipimo hakifuati jua, kinafuata saa ya ukutani. Saa ya Lubumbashi imewekwa kwa meridiani ya digrii 30 mashariki, lakini mji uko karibu digrii 27.5. Tofauti hiyo peke yake inachelewesha adhuhuri kwa dakika 10, na mwezi Machi mwendo wa dunia unaongeza dakika nyingine 7 hivi. Adhuhuri ya kweli siku ya ikwinoksi ya Machi inafika karibu 12:17. Kwa hesabu yetu jua linachomoza karibu 06:17 na kuzama karibu 18:17.

Chukua rekodi ya kila saa kuanzia 04:00 hadi 20:00. Usiku vipimo ni sifuri, kisha kati ya 06:00 na 07:00 mchirizo unainuka ghafla. Pale pa kuinukia kuna kona. Mteremko unaruka kutoka sifuri hadi kiwango cha asubuhi bila kupitia katikati, na kona hiyo haiko juu ya nukta yoyote ya vipimo, iko ndani ya tao. Kwenye kona hakuna derivati ya pili, sembuse ya nne.

Nikiihesabu kanuni ya parabola juu ya vipimo hivyo vya kila saa, nikichukua adhuhuri kuwa dakika 17 na nusu baada ya 12:00, napata 7.6682. Imezidi kwa 0.0288. Kumbuka kwamba kwa hatua hiyo hiyo, tulipoanza na kuchomoza kwa jua, kosa lilikuwa 0.0002. Limekuwa kubwa zaidi ya mara 140, kwa jua lile lile na hatua ile ile. Trapeza juu ya vipimo hivyo inatoa 7.6499, imezidi kwa 0.0105. Kanuni duni imeishinda kanuni bora karibu mara tatu.

Kisha anza rekodi 05:00 badala ya 04:00, umalizie 19:00. Vipimo vyote visivyo sifuri ni vilevile, hakuna kilichoongezwa wala kuondolewa. Trapeza haibadiliki hata kidogo. Parabola inabadilika na kuwa 7.6316, sasa imepungua kwa 0.0079. Kilichotokea ni kwamba uzito wa 4 na wa 2 umebadilishana: kipimo cha 07:00 kilichokuwa na 4 sasa kina 2, na cha 08:00 kimechukua 4. Mchirizo ukiwa laini kubadilishana huko hakuleti tofauti ya maana. Palipo na kona jibu linategemea mahali ulipoanzia kuhesabu, jambo lisilohusiana na jua hata kidogo. Mtu yeyote anayetumia parabola juu ya vipimo vyake ningemwomba afanye jaribio hili: asogeze mwanzo kwa hatua moja, na matokeo mawili yakitofautiana sana, aache kuziamini tarakimu za mwisho.

Jaribio la pili ni lile la 16. Kwa rekodi yetu inayoanza 04:00, hatua ya saa mbili inakosea kwa −0.1718, ya saa moja kwa 0.0288, na ya nusu saa kwa 0.0032. Uwiano wa kwanza ni karibu 6 tena alama imegeuka, wa pili ni 9. Mpangilio haupo. Mchirizo laini ungetoa nambari zinazokaribia 16, alama zikiwa hazibadiliki. Kwa mtu asiyelijua jibu la kweli, jaribio hufanywa kwa tofauti za matokeo: toa jibu la saa mbili kutoka la saa moja, la saa moja kutoka la nusu saa, ugawanye tofauti ya kwanza kwa ya pili. Ikikaribia 16, derivati ya nne ipo na inafanya kazi. Ikikaribia 4, tafuta kona. Ikirukaruka, huenda kona iko ndani ya tao na inahama kadiri hatua inavyobadilika.

Dawa ya kona inayojulikana ilipo ni kukata hesabu pale pale. Saa ya kuchomoza na ya kuzama inahesabika kwa latitudo na tarehe, basi gawanya muda kati ya hizo mbili kwa idadi shufwa ya vipande na upime hapo, au uweke kipande kifupi cha pekee mwanzoni na mwishoni. Ukifanya hivyo kipeo cha nne kinarudi chote.

Msimu wa mvua hauna dawa hiyo. Kuanzia Novemba mawingu ya alasiri hupita juu ya Lubumbashi, na mwanga kwenye paneli hushuka na kupanda ndani ya dakika chache. Rudi kwenye L. Ikiwa mwanga unabadilika ndani ya dakika 5 na hatua yako ni dakika 60, h/L ni 12, na 12 kwa kipeo cha nne ni 20,736. Fomula bado ni kweli, ila inachosema ni kwamba kikomo cha kosa ni kikubwa kuliko nishati yote ya siku. Kipeo cha nne hufaa pale h ilipo ndogo kuliko L. Ikiwa kubwa kuliko L, kipeo hicho kinalikuza kosa kuliko mraba wa trapeza.

Hata hitilafu ndogo za chombo zina neno. Uzito wa parabola ukigawanywa kwa tatu ni 4/3 na 2/3 kwa kupokezana, ambapo wa trapeza ni 1 kila mahali. Wastani wa miraba ya 4/3 na 2/3 ni 10/9. Kwa hiyo makosa ya nasibu ya vipimo yanatoka kwenye kanuni ya parabola yakiwa na varianzi iliyozidi ya trapeza kwa karibu asilimia 11. Ni gharama ndogo kwa siku safi ya Julai. Kwa siku ya Januari yenye mawingu ni gharama inayolipwa bila kununua chochote, na mimi ningetumia trapeza bila kusita, au bora zaidi ningeseti chombo kirekodi wastani wa kila dakika, kisha nijumlishe.